Nusu dakika ya nahodha kwenye mduara

Kocha ameshamaliza yake chini ya mwembe, dua imeshasomwa, refa amepuliza filimbi ya kuwaita. Wenzako kumi wameshikana mabega, vichwa vimeinama ndani ya mduara, na nje kuna ngoma na vuvuzela. Mechi ni ya mtoano, na timu zimekaribiana kiasi kwamba hata wauza karanga wanajua goli moja litatosha. Hapo nahodha ana nusu dakika ya kusema, na akiizidisha refa atampulizia tena.

Haya ni maneno yanayoenea kwenye nusu dakika hiyo, kwa timu inayokutana na wapinzani warefu, wenye mtu anayerusha mpira kwa mikono hadi ndani ya boksi:

"Jamani, nisikilizeni. Dakika tano za kwanza mpira ni mbele, hatupasiani kwenye boksi letu. Mipira yao ya kurusha: kila mtu na mtu wake, Namba Sita nguzo ya karibu. Goli likiingia, letu au lao, wote kwangu, halafu 'dakika mbili'. Refa niachieni mimi. Haya, kazini."

Ni maneno 42. Yaseme kwa sauti ya uwanjani, ukivuta pumzi kila baada ya sentensi, utaona hayafiki nusu dakika. Palipoandikwa Namba Sita utaweka jina la mtu, tena lile jina analoitwa mazoezini. Kila kitu kilichomo kinajibu maswali ambayo mchezaji mwenye mapigo ya moyo ya juu anayo kichwani bila kuyauliza: nifanye nini mpira ukinifika mapema, nisimame wapi hatari ikija, na tukivurugika nimwangalie nani.

Tuliovaa kitambaa kwa miaka tunajua jambo moja ambalo huchelewa kueleweka: maneno ya kwenye mduara hayafanyi kazi yake pale kwenye mduara. Yanafanya kazi dakika ya 70, pale nahodha anapopaza neno moja tu na watu kumi wakajua wafanye nini. Kwa hiyo kila sentensi unayoiandaa lazima iweze kukatwa ibaki neno moja la kupaza. "Dakika tano za kwanza mpira ni mbele" hubaki "Mbele!" "Kila mtu na mtu wake" hubaki "Mtu wako!" "Goli likiingia wote kwangu" hubaki "Kwangu!" Sentensi isiyoweza kukatwa hivyo iache kwa kocha, yeye ana dakika kumi na ubao.

Ndiyo maana maneno kama "leo tujitume", "tucheze kwa moyo" au "leo ni kufa na kupona" hayasaidii katika mechi ya goli moja. Jaribu kuyapaza dakika ya 70. "Moyo!" Beki wa kulia atafanya nini na neno hilo? Zaidi ya hapo, yana hasara. Kijana aliyeambiwa ni kufa na kupona huingia uwanjani akitafuta wa kumgonga, na faulo yake ya dakika ya tatu, hatua chache nje ya kumi na nane, ndiyo zawadi ambayo timu yenye warefu inaiomba. Au anapata njano mapema, halafu kwa dakika zaidi ya 80 winga wao anamkimbilia yeye tu kwa sababu anajua hawezi kuingiza mguu. Wachezaji wa mechi kama hii wamekuja na moto wao tangu nyumbani. Nahodha anawapa pa kuupeleka.

Jambo jingine ni maneno ya kukataza. "Msifanye faulo", "msizubae", "msipoteze mipira": mchezaji anabaki na picha ya faulo, ya kuzubaa, ya mpira uliopotea. Geuza kila katazo liwe tendo. Badala ya "msifanye faulo karibu na boksi", sema "karibu na boksi simama kwa miguu yako, mpeleke pembeni". Neno lake la kupaza ni "Simama!" na beki aliyekuwa karibu kujitupa chini hulisikia. Badala ya "msizubae kwenye mipira iliyosimama", sema "mpira ukisimama, tafuta mtu wako kwanza, lalamika baadaye". Hii ya pili naipenda kuliko zote, kwa sababu magoli mengi ya mechi za kubana hupatikana wakati timu moja bado inabishana na mshika kibendera.

Maneno hayo hayatungwi pale pale. Yanatoka kwenye maswali mawili ambayo nahodha humaliza na kocha usiku wa kuamkia mechi au asubuhi yake. La kwanza: hawa wakitufunga leo, watatufunga vipi? Jibu lazima liwe moja. Ukisema "kwa krosi, kwa kasi, kwa mashuti ya mbali na kwa kona" umeeleza mpira wenyewe, hujawaeleza hawa. La pili: kikitokea kitu cha kutuyumbisha, goli au kadi, tunafanya nini dakika mbili zinazofuata? Jinsi nyinyi mtakavyofunga ni kazi ya kocha, na wachezaji wameshaifanyia mazoezi wiki nzima, kwa hiyo kwenye mduara unaweza hata usiigusie.

Rudi kwenye timu ile ya mipira ya kurusha. Hatari yake iko wapi hasa? Kwanza, kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea. Mshambuliaji wao anaweza kusimama ndani ya sita, mgongoni kwa beki wako wa mwisho, na ikawa halali kabisa. Wapo mabeki wengi wa mtaani wanaonyoosha mkono kuomba kuotea pale, na mkono ukiwa juu miguu imesimama. Pili, mpira wa aina hiyo huja juu na taratibu, ukilenga nguzo ya karibu, ambako mrefu wao anaugusa kidogo tu kwa kichwa na kuupeleka nyuma. Anayefunga huwa ni yule aliyebaki nyuma bila mtu. Hapo unapata maneno mawili: mtu wako bora wa kichwa anasimama nguzo ya karibu, mbele ya mrefu wao, na wengine wote wanashika watu badala ya kuutazama mpira hewani. "Kila mtu na mtu wake, Namba Sita nguzo ya karibu." Maelezo yote ya kuotea na mguso wa kichwa yalishatolewa mazoezini. Kwenye mduara unawakumbusha kwa sentensi moja.

Akija mpinzani mwingine, sentensi hiyo inabadilika. Wakiwa na winga mwenye mbio na beki wako wa pembeni ni mzito, sema: "Akipokea, wawili. Wa kwanza amzuie, wa pili achukue." Neno lake: "Wawili!" Wakiwa na kiungo fundi anayepiga mashuti akiwa amegeuka, sema: "Namba Nane wao asigeuke. Aliye karibu amguse mgongo." Neno lake: "Mgongo!" Hapa "asigeuke" ni katazo, lakini ni katazo kwa mpinzani, na tendo la mchezaji wako limefuata hapo hapo.

Kabla ya mduara kuna sarafu, na sarafu pia ina neno lake. Tangu kanuni za mwaka 2019, anayeshinda sarafu anaweza kuchagua goli la kushambulia au kuchagua kuanza mpira. Kwa mechi inayoanza saa kumi alasiri kwenye uwanja uliolala mashariki na magharibi, fikiria jua. Kipindi cha kwanza jua bado liko juu kiasi. Kipindi cha pili, saa kumi na moja na ushee, limeshuka usawa wa macho ya kipa anayetazama magharibi. Mimi ningekubali kipa wangu alitazame jua kipindi cha kwanza ili dakika za mwisho, mipira ya juu inapozidi, limpige kipa wao. Ukishachagua, ongeza maneno machache tu kwenye mduara: "Jua ni letu mwisho. Kipindi cha pili piga mapema, piga juu." Upepo wa pwani unahesabika hivyo hivyo, na uwanja wenye mteremko pia. Ukikosa sarafu usiitaje kabisa, maana hakuna anayeweza kuifanyia kazi.

Mahali pa dua nina maoni yangu. Timu nyingi humaliza na dua, au na kelele ya jina la timu, ndipo zinatawanyika. Ni vizuri dua itangulie, kila mtu aombe kwa imani yake, watulie, kisha nahodha aseme ya kazi, na mkitawanyika jambo la mwisho masikioni liwe mahali pa kusimama. Anayewaombea si lazima awe nahodha. Mkiwa na mzee kwenye benchi la ufundi, mpe yeye heshima hiyo.

Sasa zile "dakika mbili". Hili ndilo neno lenye thamani kubwa kwenye mechi ya kubana, na wengi hawanalo. Tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Tanzania na Kenya zilikutana kwenye mechi ya makundi. Simon Msuva aliifungia Tanzania dakika ya 6. Michael Olunga alisawazisha dakika ya 39. Dakika ya 40, kabla Wakenya hawajamaliza kufurahi, Mbwana Samatta akaiweka Tanzania mbele tena. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha dakika ya 62, na Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Ikaisha 3 kwa 2, Kenya ikashinda. Iangalie ile 39 na 40. Timu iliyotoka kufunga imesambaa: mabeki wamepanda kushangilia, viungo wanahema, kichwa kinasema kazi imefanyika. Timu iliyofungwa ina hasira na ina mpira katikati. Dakika ile moja ni dirisha, na yeyote anaweza kupita.

Kwa hiyo "wote kwangu, halafu dakika mbili" ina hatua zake, na lazima ziwe zimezoeleka. Mkifunga, mnashangilia upande wenu wa uwanja au mnakimbilia kwa nahodha, si kwenye kibendera cha kona cha mbali mkamwacha kipa peke yake na mabeki wakirudi kwa kutembea. Nahodha anawahesabu mabeki wanne kwa macho. Kisha anainua vidole viwili, anasema "dakika mbili" na kila mtu anajua maana yake: kwa dakika mbili tangu mpira uanze, hakuna pasi ya kuvuka mbele ya goli letu, hakuna beki wa pembeni anayepanda, na mpira wa kwanza tutakaoupata unakwenda kwenye kona yao. Mkifungwa, hatua ni zile zile isipokuwa mpira ni wenu. Mtu mmoja, aliyetajwa tangu mazoezini, anautoa wavuni na kuubeba katikati kwa kutembea haraka bila kukimbia. Wengine wanapita kwa nahodha. Hakuna anayeuliza nani alimwacha mtu. Swali hilo ni la mapumziko, na mara nyingi ni la Jumatatu.

Kwa nini mbili, isiwe kumi? Kwa sababu dakika kumi za kujilinda baada ya kuongoza huwavuta wote nyuma na hawarudi tena. Mbili zinaweza kuhesabika. Nahodha akiona zimepita anapaza "Basi!" au "Panda!" na timu inarudi kwenye mchezo wake. Bila neno la kufungua, neno la kufunga linageuka kamba shingoni.

Mechi nyingine ya Taifa Stars inafundisha neno la mwisho wa mchezo. Tarehe 21 Januari 2024, San Pedro nchini Ivory Coast, Tanzania ilicheza na Zambia. Msuva alifunga dakika ya 11. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia alitolewa kwa njano ya pili. Tanzania ikawa mbele kwa goli moja, watu 11 dhidi ya 10, na kipindi kizima mkononi, ikitafuta ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa kutokana na kona. Ikaisha 1 kwa 1.

Timu yenye watu kumi iliyo nyuma kwa goli moja haina nguvu ya kujenga mashambulizi mengi ya chini. Inasubiri mpira uliosimama, kwa sababu kwenye kona upungufu wa mtu mmoja hauonekani: wanaleta warefu wao wote na anayebaki nyuma ni mmoja au wawili. Kwa hiyo hatari ya mechi kama ile ina jina moja, kona, na nahodha anaweza kuitolea maneno wakati wa mapumziko. Ningeyasema hivi: "Wako kumi, watatafuta kona. Ukibanwa, toa mpira pembeni, usiutoe nyuma. Kona ikija, mfungaji wao ana wawili, mmoja mbele yake, mmoja mgongoni." Neno la kupaza ni "Pembeni!"

Neno hilo dogo lina hesabu yake. Beki anayekimbia kuelekea goli lake huku mshambuliaji akiwa mgongoni ana njia mbili rahisi: kuupiga mpira utoke kwenye mstari wa goli, au kuuburuza utoke kwenye mstari wa pembeni. Ya kwanza ni karibu zaidi na mguu unaipenda, lakini inaleta kona. Ya pili inahitaji kugeuza kifundo cha mguu kidogo, na inaleta mpira wa kurusha. Mrushaji wa kawaida hawezi kuufikisha golini, kwa hiyo mmepata muda wa kujipanga. (Kwa wale wapinzani wetu wenye mrushaji hodari, tofauti hii inapungua, na ndiyo maana wanasumbua.) Beki aliyechoka dakika ya 85 hawezi kufikiri haya, lakini sikio lake linaweza kupokea "Pembeni!" kutoka kwa nahodha aliyelisema neno hilo hilo mara tatu mazoezini na mara moja kwenye mapumziko.

Utajuaje kama maneno yako yameingia? Usisubiri mechi ikuonyeshe. Mnapotoka kwenye mduara kuelekea nafasi zenu, muulize mmoja tu, na umchague yule aliyekuwa akitazama jukwaani: "Mpira wao wa kurusha ukija, wewe uko wapi?" Akijibu "na namba tisa wao" bila kusita, timu imesikia. Akikuuliza "ati?" basi ulisema mengi, au ulisema haraka, au ulisema ukiwa umetazama chini. Kosa la kawaida ni hilo la mwisho: mduara umebana, nahodha kainamisha kichwa, na sauti yote inaingia kwenye nyasi. Inua uso, na anza na yule aliye mbele yako moja kwa moja, maana akisikia yeye na wa pembeni wamesikia. Ukihisi sauti inapanda na kukatika, shusha. Sauti ya chini kwenye mduara huwafanya watu wasogee, nayo hukuachia akiba ya kupaza baadaye. Nahodha aliyekauka koo kabla ya mpira kuanza ataita nani dakika ya 88?

Kosa la pili ni kurudia ya kocha kwa maneno mapya. Kocha kasema "kabeni kuanzia katikati", nahodha kwa kutaka kuongeza uzito anasema "tuwabane kule kule juu". Washambuliaji wanafuata la mwisho walilosikia, mabeki wanafuata la kocha, na kati yao kuna uwazi wa mita 30 ambamo kiungo wao anapokea, anageuka na kuchagua. Dalili yake utaiona ndani ya dakika kumi: kiungo wako mkabaji anageuza kichwa mbele na nyuma, mikono imeinuliwa. Tumia maneno yale yale ya kocha, hata kama huyapendi.

La tatu ni kumtaja mtu kwa kosa la mechi iliyopita. "Leo usituangushe tena" humfanya kipa abaki kwenye mstari mpira ambao angeutokea. Kama kuna mtu anayehitaji neno lake, mpe pembeni, mkitembea kuingia uwanjani, na liwe la kazi. Kwa kipa: "Ukitoka, toka na sauti. Sema 'Kipa!' nasi tutakupisha." Mzoeze kupaza "Kipa!" badala ya "Wangu!", kwa sababu "wangu" inaweza kupazwa na yeyote, hata mpinzani, na beki hawezi kutofautisha sauti kwenye kelele. Kwa kijana anayeanza mechi yake kubwa ya kwanza: "Mpira wako wa kwanza nirudishie mimi, mguso mmoja." Akishaupiga huo ameshaingia kwenye mechi. Kwa mwenye hasira: "Ukiguswa, nitazame mimi kwanza." Na mchezaji akiwa amekuzidi umri, kitambaa hakikupi ruhusa ya kumwamrisha kama mdogo wako. "Kaka, leo nyuma tunakutegemea wewe kutupanga, mimi nitakuwa katikati" inampa kazi na heshima kwa pamoja, naye atawaongoza mabeki kuliko ambavyo ungefanya wewe.

"Refa niachieni mimi" nayo si pambo. Mwaka 2024 wasimamizi wa kanuni za soka duniani walitoa mwongozo kwamba waandaaji wa mashindano wanaweza kuagiza nahodha peke yake ndiye amfuate refa, na Kombe la Ulaya la mwaka huo lilichezwa hivyo. Pale unapotumika, wengine wakimzonga refa wanaonyeshwa njano. Hata pale usipotumika, watano wakimzunguka refa, wapinzani wanaanza mpira wa adhabu haraka na watano wako wapo mahali pasipostahili. Nahodha pia anahitaji sentensi yake kwa refa, na iwe swali: "Refa, umeona nini pale?" Swali hujibiwa. Shutuma hupokewa na kadi.

Kuna jambo jipya la kumwambia kipa mnapoongoza. Kwa kanuni za msimu wa 2025/26, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na refa huzihesabu tano za mwisho kwa vidole, mkono ukiwa juu. Kipa wa mtaani aliyezoea kulala na mpira dakika za mwisho atawapa wapinzani kile kile mlichokuwa mnakikimbia. Neno lake: "Mkono wa refa ukiinuka, mpira utoke." Muulize refa kwenye sarafu kama mashindano yenu yanafuata kanuni hiyo, inachukua sekunde tatu.

Ikiisha sare na matuta yakaja, maneno yanazidi kupungua. Kuna sarafu mbili: moja ya goli litakalopigiwa, nyingine ya nani aanze, na nahodha ndiye anayekwenda kuchagua wakati timu imekaa nyasini na chupa za maji. Kwa hiyo orodha ya wapigaji iwe imeshapangwa kabla hujaondoka, na sentensi ya kuwaachia iwe moja: "Chagua upande wako sasa hivi ukiwa umekaa, ukifika pale usibadilishe." Anayebadilisha akiwa ameshaanza kukimbia mguu wake unapunguza nguvu, mpira unakwenda katikati ya kule alikotaka na kule alikohofia, kipa anaudaka bila kuruka. Kisha, kabla ya kila mmoja kuondoka kwenye mstari wa katikati, mshike bega umwambie maneno mawili: "Weka, pumua." Aweke mpira mwenyewe kwenye alama, arudi nyuma, avute pumzi moja baada ya filimbi ya refa, ndipo akimbie. Akikosa, mpokeeni nyinyi wawili wa mwisho kwenye mstari, bila kutoka nje ya mduara wa katikati na bila neno lolote, na mpigaji wenu anayefuata awe ameshajiandaa.